Kukadiria Pengo la Akiba ya Uzeeni kwa Kutumia Taarifa Yako ya Pensheni

Kila mwaka mwanachama wa mfuko wa pensheni wa mwajiri nchini Kenya hupewa taarifa ya akaunti yake. Wengi hutazama salio la mwisho, wakafurahi au wakaguna, kisha wakaiweka kabatini. Lakini karatasi hiyo, ukiongeza makadirio machache, inatosha kukuonyesha kama akiba itafika unapotaka ifike, na kama haifiki, imepungua kiasi gani.

Hesabu hii ni ya mifuko ambayo mafao yake hutokana na michango pamoja na faida ya uwekezaji, nayo ndiyo mifuko mingi ya waajiri binafsi Kenya inayosimamiwa na mamlaka ya RBA. Haifai kwa pensheni ya kikokotoo, kama ile ya msingi inayotolewa na NSSF na PSSSF za Tanzania, kwa sababu kule malipo hutegemea mshahara na miezi ya kuchangia, hayatokani na salio.

Tufuate mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ana miaka 40, mfuko wake unamstaafisha akiwa na 60, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Yeye anachangia 7.5% na mwajiri 7.5%. Taarifa yake ya tarehe 31 Desemba 2024 inaonyesha salio la shilingi 1,500,000.

Hatua ya kwanza: kagua taarifa kabla ya kuitumia

Anza na michango. Asilimia 15 ya 80,000 ni 12,000 kwa mwezi, yaani 144,000 kwa mwaka. Chukua slipu zako 12 za mshahara, jumlisha makato ya pensheni, ongeza sehemu ya mwajiri, kisha linganisha na michango iliyoandikwa kwenye taarifa. Ikiwa taarifa ina pungufu, sababu huwa moja kati ya tatu. Huenda mwajiri amekata fedha na hajazipeleka mfukoni. Huenda sehemu ya mchango wake inalipia bima ya maisha na gharama za uendeshaji kabla ya kuingia kwenye akaunti yako. Au pengine wewe umepiga asilimia ya mshahara wote ilhali kanuni za mfuko zinahesabu mshahara wa msingi tu, bila marupurupu ya nyumba na usafiri. Kosa hili la mwisho humfanya mtu aone mchango mkubwa kuliko ulivyo. Katika hesabu, tumia kiasi kinachoingia kweli kwenye akaunti.

Angalia pia NSSF ya Kenya, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa Februari 2023, inagawa michango katika madaraja mawili. La kwanza hubaki NSSF. La pili, mwajiri akiruhusiwa na RBA, linaweza kupelekwa kwenye mfuko mwingine uliosajiliwa. Kwa hiyo uliza ofisi ya rasilimali watu kama daraja lako la pili limo ndani ya zile asilimia 15 au liko mbali nazo, usije ukalihesabu mara mbili.

Kisha pima faida. Tuseme mwaka ulianza na salio la 1,240,000, ikaingia michango ya 144,000 na faida ya 116,000, ndipo tukafika 1,500,000. Usigawe 116,000 kwa salio la mwanzo peke yake. Michango imeingia kidogo kidogo, kwa wastani imekaa nusu mwaka tu, hivyo gawa kwa salio la mwanzo pamoja na nusu ya michango: 116,000 kwa 1,312,000, unapata karibu 8.8%. Ikiwa mfuko umetangaza faida ya 11% na hesabu yako inaleta 8.8%, omba maelezo kwa msimamizi wa mfuko. Inawezekana michango ilichelewa, au gharama zilikatwa baada ya faida kutangazwa.

Hatua ya pili: chagua kiwango cha faida utakachokitetea

Mwaka mmoja hausemi kitu. Mifuko ya Kenya imeweka sehemu kubwa ya mali katika hati za dhamana za serikali, na riba zinapopanda, bei ya hati za zamani hushuka. Ndiyo maana mfuko unaweza kutangaza 2% mwaka huu na 12% mwaka ujao bila mtu kuiba wala kufanya maajabu.

Kusanya viwango vya miaka mitano au zaidi kutoka taarifa zako za nyuma. Tuseme ni 13%, 8%, 2%, 10% na 12%. Usivijumlishe na kugawa kwa tano, kwa maana faida huzaa juu ya faida. Zidisha 1.13 × 1.08 × 1.02 × 1.10 × 1.12, unapata 1.5336, kisha tafuta kipeuo cha tano cha namba hiyo. Jibu ni 1.089, yaani 8.9% kwa mwaka. Hapa wastani wa kawaida ungeleta 9%, tofauti ndogo, lakini mwaka mmoja wa hasara ukiingia katikati pengo kati ya njia hizi mbili hukua. Tutatumia 9%, baada ya gharama zote.

Sasa ondoa mfumuko wa bei. Benki Kuu ya Kenya inalenga 5%, ikiruhusu kupanda au kushuka kwa 2.5, nasi tutachukua hiyo 5%. Watu wengi hutoa tu, 9 ukitoa 5, wakapata 4. Njia sahihi ni kugawa: 1.09 kwa 1.05 ni 1.0381. Faida halisi, yaani nguvu ya kununua inayoongezeka kila mwaka, ni 3.81%. Kwa miaka 20 hata sehemu hizo ndogo za asilimia huonekana.

Hatua ya tatu: salio na michango vitafika wapi

Kuanzia hapa kila kiasi kitakuwa kwa shilingi za leo, yaani shilingi zenye nguvu ya kununua ya sasa. Hili ndilo jambo la kushikilia kuliko mengine yote katika mwongozo huu, na nitaonyesha hasara yake likipuuzwa.

Salio la 1,500,000 likikua kwa 3.81% kwa miaka 20 linazidishwa mara 2.112. Linakuwa shilingi 3,168,000.

Michango nayo: tukichukulia mshahara utapanda sawa na bei, mchango wa 144,000 unabaki 144,000 kwa shilingi za leo kila mwaka. Michango ya miaka 20 pamoja na faida yake ni mara 29.196 ya mchango wa mwaka mmoja. Namba hiyo inatoka kwa kuchukua 2.112, kutoa 1, na kugawa kwa 0.0381, fanya kwa desimali kamili bila kukadiria mapema. Jumla ya michango ni 4,204,000.

Ukijumlisha pande mbili, akiba yake akifika miaka 60 ni karibu shilingi 7,373,000 za leo.

Kwenye Excel au Google Sheets, andika salio kwenye B1, mchango wa mwaka B2, faida B3, mfumuko wa bei B4 na miaka iliyobaki B5. Kisha:

```
B6:  =(1+B3)/(1+B4)-1
B7:  =FV(B6,B5,-B2,-B1)
```

Alama za kutoa zinahitajika, kwa sababu programu huona fedha unazoweka kama zinazotoka mfukoni mwako. Jibu likija na alama ya kutoa mbele yake, au likiwa dogo kuliko michango uliyoweka, rudi uangalie alama hizo kwanza.

Hatua ya nne: utahitaji kiasi gani

Mtu wetu ameketi na matumizi yake. Ameondoa karo ya watoto na mkopo wa nyumba, vitakavyokuwa vimekwisha, akaongeza gharama za matibabu, akaona atahitaji shilingi 60,000 za leo kwa mwezi. Kodi ya vyumba viwili alivyopangisha na NSSF anakadiria vitampa 10,000. Kwa hiyo mfuko huu unapaswa kubeba 50,000 kwa mwezi, au 600,000 kwa mwaka.

Kwa miaka mingapi? Usitumie wastani wa umri wa kuishi wa nchi nzima, kwa kuwa unawahesabu pia waliofariki wachanga. Aliyefika 60 ana matarajio marefu zaidi, na watu wengi huupita hata wastani huo. Tuseme hadi 85, yaani miaka 25.

Baada ya kustaafu fedha huwekwa mahali tulivu zaidi, kwa hiyo faida halisi tunaishusha kutoka 3.81% hadi 2.5%. Weka 600,000 kwenye B8, 2.5% kwenye B9 na 25 kwenye B10:

```
B11: =PV(B9,B10,-B8,0,1)
B12: =B11-B7
```

Ile 1 ya mwisho inaiambia programu kwamba fedha zinahitajika mwanzoni mwa kila mwaka, si mwishoni. Ukiisahau, jibu linapungua kwa karibu shilingi 276,000. Ukiiweka, B11 inaleta 11,331,000.

Pengo lenyewe

Anahitaji 11,331,000 na atakuwa na 7,373,000. Pengo ni karibu shilingi 3,958,000 za leo.

Namba kubwa namna hiyo ni ngumu kuishika, kwa hiyo igeuze kwa njia mbili. Akiba ya 7,373,000 ikigawanywa kwa miaka 25 kwa masharti yale yale inatoa shilingi 32,500 kwa mwezi badala ya 50,000. Au akishikilia kutumia 50,000, fedha zinamwishia akiwa na miaka 74 na miezi michache, na iliyobaki kati ya hapo na 85 haina chanzo. Kwa mtu anayepanga na mwenzi wake, namba hii ya pili ndiyo inayofungua mazungumzo nyumbani.

Kosa linalolificha pengo

Sasa tazama hesabu ya harakaharaka inavyokwenda. Mtu anachukua salio la 1,500,000, mchango wa 144,000, faida ya 9% na miaka 20, anapata shilingi 15,774,000. Analinganisha na mahitaji ya 11,331,000 aliyoyapiga kwa bei za leo, anaona ana ziada ya milioni 4.4, analala usingizi mzuri.

Kosa ni kwamba pande mbili hazisemi fedha moja. Milioni 15.8 ni shilingi za mwaka 2044, na 11.3 ni za 2024. Bei zikipanda kwa 5% kila mwaka, baada ya miaka 20 zimezidishwa mara 2.653, na yale mahitaji ya 50,000 kwa mwezi yamekuwa 132,700. Zile milioni 15.8 ukizirudisha kwa shilingi za leo ni milioni 5.94 tu. Ziada ikageuka kuwa pengo la milioni 5.4.

Utauliza kwa nini 5.94 wakati sisi tulipata 7.37. Kwa sababu hesabu hiyo ya haraka iliacha mchango ukae 144,000 kwa miaka yote 20, kana kwamba mshahara haupandi. Ndivyo itakavyokuwa kwa mfanyakazi ambaye nyongeza zake haziendi na bei, na ni vizuri kujua gharama yake: karibu shilingi milioni 1.4 za leo. Ikiwa mwajiri wako hajaongeza mshahara kwa miaka kadhaa, usitumie dhana yetu. Shusha mchango.

Jinsi pengo linavyocheza na dhana

Badilisha B3 peke yake uone. Faida ikiwa 7% badala ya 9%, pengo linapanda hadi milioni 5.68. Ikiwa 11%, linashuka hadi milioni 1.64. Asilimia mbili juu au chini zinalisogeza pengo kwa zaidi ya shilingi milioni moja na nusu kila upande. Kwa hiyo mtu akikuletea makadirio ya faida ya 12% bila kutaja mfumuko wa bei wala ada, sehemu kubwa ya matumaini anayokuuzia imo ndani ya hiyo 12%. Binafsi ningepanga kwa namba ya katikati, kisha nikahakikisha naweza kuishi na jibu la ile ya chini.

Usibadilishe faida bila kufikiria mfumuko wa bei. Viwili hivi mara nyingi hutembea pamoja, na kinachoamua ni tofauti kati yao.

Kuziba pengo

Njia ya kwanza ni kuongeza mchango wa hiari. Gawa pengo kwa 29.196: 3,958,000 inaleta 135,600 kwa mwaka, au 11,300 kwa mwezi, ikipanda pamoja na mshahara. Kwenye jedwali:

```
=-PMT(B6,B5,0,B12)/12
```

Hilo ni 14% ya mshahara wake wa msingi, si jambo dogo. Ila kodi inasaidia. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko uliosajiliwa huondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi hadi kiasi kilicho kidogo kati ya vitatu: mchango wenyewe, 30% ya mshahara unaohesabiwa pensheni, au shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwake yeye 30% ni 24,000, na michango yake yote, pamoja na daraja la kwanza la NSSF, haifiki hapo. Kwa kuwa yumo kwenye daraja la kodi la 30%, mshahara anaopeleka nyumbani utapungua kwa takriban 7,900, si 11,300.

Njia ya pili ni kusogeza mwaka wa kustaafu, pale kanuni za mfuko na mwajiri zinaporuhusu. Akifanya kazi hadi 63, akiba inapata miaka mitatu zaidi ya kukua na kuchangiwa, nayo miaka ya kutumia inapungua hadi 22. Akiba inafika milioni 8.70, mahitaji yanashuka hadi milioni 10.31, na pengo linabaki milioni 1.61. Miaka mitatu imeondoa zaidi ya nusu, kwa sababu inafanya kazi upande wa akiba na upande wa matumizi kwa wakati mmoja.

Ya tatu ni kutoligusa salio unapohama kazi. Kanuni huruhusu anayeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu kuchukua sehemu ya akiba yake. Akichukua 500,000 akiwa na miaka 40, amejiondolea 1,056,000 za leo akiwa na 60, kwa kizidisho kile kile cha 2.112. Aihamishie kwenye mfuko wa mwajiri mpya au mfuko wa mtu binafsi, na pengo lisiongezeke.

Mambo mawili ambayo hesabu haiyaoni

Katika mfuko wa pensheni unaweza kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na inayobaki inunue pensheni ya kila mwezi kutoka kampuni ya bima au iwekwe kwenye mfuko wa kutolea fedha kidogo kidogo. Hesabu yetu imedhani akiba yote inatumika kwa matumizi ya kila mwezi. Akichukua theluthi hiyo akajengea, ile 32,500 inakuwa 21,700. Kwa anayekusudia kuichukua, zidisha B7 kwa theluthi mbili kabla ya kutafuta pengo.

La pili ni pensheni ya bima isiyopanda. Ukiahidiwa 50,000 kwa mwezi kwa maisha yote bila nyongeza, kwa mfumuko wa 5% nguvu yake inakuwa nusu baada ya miaka 14 hivi. Uliza bei ya pensheni inayopanda kila mwaka. Itaanza chini sana kuliko ile isiyopanda, na hiyo ya chini ndiyo inayolingana na hesabu ya shilingi za leo.

Taarifa ya mwaka ujao

Kabla haijafika, andika unachotarajia, safari hii kwa shilingi za kawaida kwa sababu ndizo taarifa inazotumia. Salio la 1,500,000 kwa 9% ni 1,635,000. Mchango, mshahara ukiwa umepanda kwa 5%, ni 151,200, pamoja na faida ya nusu mwaka ya takriban 6,800. Tarajia salio la 1,793,000 tarehe 31 Desemba 2025. Likija chini ya hapo, linganisha kwanza mstari wa michango. Ikiwa 151,200 imo yote, tatizo ni faida ya mwaka huo, na unaweza kusubiri uone miaka mingine. Ikiwa haimo yote, usisubiri: waandikie wadhamini wa mfuko, ambatisha nakala za slipu za mshahara za miezi iliyokosekana, na wasipojibu peleka malalamiko RBA.